Mwenye nyumba kaniruhusu kwa simu nitengeneze paa, kasema "tutakatana kwenye kodi". Nimwandikieje bila kumuudhi?

Mpangaji wa Segerea · Jumamosi 7 Machi, saa 5:40 asubuhi

Habari za asubuhi ndugu zangu. Naomba mnisaidie leo leo kabla sijatuma ujumbe.

Nimepanga nyumba ya vyumba viwili huku Segerea. Paa linavuja upande wa chumba cha watoto na masika ndiyo hiyo inaingia. Mvua ya juzi usiku maji yamepita kwenye dari yakadondokea kitandani, tumeamka saa nane kuhamisha godoro. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima, anaishi Moshi, kwa hiyo mambo yetu yote ni ya simu. Leo saa tatu nimempigia, tumeongea kama dakika kumi na moja, tukaelewana vizuri kabisa. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Fanya kijana wangu, usiache watoto walowe, tutakatana kwenye kodi."

Kodi yangu ni 150,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Awamu inayofuata ni 900,000, tarehe 1 Aprili. Fundi amepiga hesabu ya 270,000 kila kitu.

Sababu ya kuuliza ni hii. Nyumba niliyotoka kabla ya hii niliweka grili za madirisha kwa makubaliano ya simu, 140,000. Siku ya kuhama nilipodai, mwenye nyumba akaniambia, "Nilikuruhusu kuweka, sikusema nitalipa." Sikuwa na chochote cha kuonyesha, nikaziacha grili nikaondoka. Mpaka leo sina uhakika alidanganya au ndivyo alivyokumbuka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Safari hii nimeandika hivi:

*"Mzee, kufuatia mazungumzo yetu ya leo, umekubali kwamba gharama zote za matengenezo ya paa ni juu yako na nitazikata kwenye kodi. Ujumbe huu ni ushahidi. Usipojibu ndani ya saa 24 nitahesabu umekubali."*

Mke wangu amesoma akasema huyu mzee akiupata atadhani tumemshtaki. Mnasemaje?

Kigogo wa Buza · saa 5:58

Tuma hivyo hivyo. Mimi nimeshafanya mara mbili. Ukimwandikia mtu halafu akanyamaza siku tatu, kisheria amekubali. Kimya ni jibu. Usimbembeleze, hela ni yako.

Mama Upanga Mbili · saa 6:07

Na mimi naomba msaada kwenye hili hili. Dalali amenionyesha nyumba Kimara, nikalipa hela yake ya mwezi mmoja, mwenye nyumba akabadilisha mawazo akampa ndugu yake. Dalali anasema hela hairudi. Nimwandikie nani?

Karani wa Zamani · saa 6:31

Mama Upanga, lako ni la dalali na linastahili uzi wake, utapata watu waliopitia. Hapa tukilichanganya huyu ndugu hatapata msaada na wewe hutapata.

Mpangaji, nimefanya kazi ya karani kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya miaka tisa. Kesi za mpangaji na mwenye nyumba nilizozipokea, nyingi hazikuwa za waongo. Zilikuwa za watu wawili waliosikia neno moja wakabeba maana mbili. "Tutakatana" ni neno la namna hiyo. Pamoja nalo weka "tutaelewana", "nitakufidia", "hilo niachie mimi". Ukiliandika kama lilivyosemwa, umehifadhi utata ule ule kwa maandishi.

Kabla sijakwambia uandikeje, nijibu mambo mawili. Kwenye simu ulimtajia 270,000? Na mlizungumza habari ya fundi, au bati tu?

Mpangaji wa Segerea · saa 6:44

Umenigusa. Sikumtajia. Nilimwambia "itakuwa laki mbili na kitu". Hesabu ya fundi imekuja baadaye, saa nne. Na tulizungumza bati, kwamba sita zimeoza. Fundi hatukumtaja kwa jina wala kwa bei, mimi nilichukulia ni kitu kimoja. Bati hazijipigi zenyewe.

Karani wa Zamani · saa 7:02

Basi ujumbe wako wa kwanza una kosa kubwa kuliko ukali. Unasema "umekubali gharama zote", na yeye hakusema "zote". Ungeutuma, angeweza kukwambia kwa haki kabisa kwamba unamwekea maneno mdomoni, na kuanzia hapo kila utakachoandika angekitilia shaka.

Kazi ya ujumbe wa baada ya simu ni kumrudishia mwenzako mlichosema kwa namna ambayo anaweza kukuambia "hapana, si hivyo" wakati bado hakuna hela iliyotoka. Kwa hiyo utenganishe. Kile mlichokisema kwenye simu ukiandike kama kilivyosemwa, na siku na saa. Kile kilichokuja baadaye, yaani hesabu ya fundi, kiandike kama jambo jipya unalomwomba akubali. Halafu ulitoe neno "tutakatana" uliweke katika tarakimu: kodi ni kiasi gani, kinakatwa nini, kinabaki nini, cha tarehe gani. Watu wawili wanaweza kutofautiana juu ya neno kwa miezi mitatu bila kujua, lakini mzee akiona 900,000 ukitoa 270,000 inabaki 630,000, kama hakubaliani ataishtukia palepale.

Na bati usinunue kabla ya jibu lake. Hilo ndilo la msingi.

Kigogo, la kimya naomba nikusahihishe kidogo. Kimya peke yake hakimfungi mtu kwa jambo ulilolipanga wewe. Huwezi kumwandikia mtu "usipojibu umekubali" ukamfunga kwa hilo. Ila uko sahihi nusu: ujumbe ulioandikwa siku ile ile, ukiwa na maelezo kamili, unabeba uzito kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye, hasa kama mwenzako aliupata, akaendelea kama vile ndivyo mlivyokubaliana. Akikupa namba ya duka la bati, au akikuuliza "umeshapiga?", huko ni kukubali kwa matendo. Kimya kitupu ni kimya.

Kigogo wa Buza · saa 7:15

Sawa mkuu, hilo la matendo nalikubali. Lakini mimi mara zote mbili alinyamaza na nikakata na hakusema kitu.

Karani wa Zamani · saa 7:19

Alipopokea kodi iliyokatwa bila kulalamika, hapo ndipo alipokubali. Siyo siku ile aliponyamaza. Angeikataa ile kodi ungekuwa na kazi.

Bi Mwanahawa wa Tanga · saa 7:40

Mwanangu, mimi niongezee la adabu, maana sheria mmeshaisema. Mzee wa miaka sabini ukimwandikia "ujumbe huu ni ushahidi" umemvunjia heshima. Anachosikia ni kwamba humwamini. Mzigo wa kusahau ubebe wewe. Mwambie unaandika usije ukachanganya mahesabu, na hilo si uongo, maana wewe mwenyewe umeshachanganya bati na fundi. Anza na shikamoo, mshukuru kwa kupokea simu, msalimie na mama. Halafu ndiyo mahesabu. Mzee akiona umemheshimu, atakujibu hata kama jibu lake ni la kukataa.

Mpangaji wa Segerea · saa 8:25 mchana

Asanteni sana. Nimekaa na mke wangu tumeandika upya. Fundi nimemrudia akanigawia hesabu: bati sita za geji 30 kwa 27,000 ni 162,000, mbao mbili na misumari 28,000, kwa hiyo vifaa 190,000. Ufundi 80,000.

*"Shikamoo baba. Asante kwa kunipokea leo Jumamosi saa tatu asubuhi, naomba umsalimie mama. Nayaweka tuliyoongea hapa ili nisije nikachanganya. Nilikueleza kwamba bati sita upande wa chumba cha watoto zimeoza na maji yanaingia. Ukaniambia nitengeneze na tutakatana kwenye kodi.*

*Baada ya simu fundi amenipa hesabu, wakati tunaongea nilikuwa sijaijua. Vifaa 190,000, ufundi 80,000, jumla 270,000. Nilivyokuelewa, kodi ya tarehe 1 Aprili ambayo ni 900,000 nitakata 270,000 nilipe 630,000. Risiti na picha nitakutumia. Kazi ikizidi hapo nitakuuliza kwanza.*

*Baba, kama nimekuelewa tofauti naomba unisahihishe. Fundi yuko tayari Jumatano, ila sitanunua kitu mpaka nipate neno lako."*

Nitume?

Karani wa Zamani · saa 8:33

Tuma. Huo ni mzuri. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya ajibu, kwa sababu paa ni lake na linaendelea kuoza.

Msafiri wa Kilifi · saa 9:10 alasiri

Salamu kutoka Kilifi. Mimi yangu ilikuwa juu ya amana. Nilikuwa nahama, nikampigia mwenye nyumba, akaniambia mwezi wa mwisho nisilipe, amana itumike kama kodi. Shilingi 12,000 za Kenya. Sikuandika chochote kwa vile tulikuwa tunapatana. Tarehe tano mtunza nyumba akaja na kufuli, kitabu chake kinaonyesha nina deni. Mwenye nyumba alikuwa safarini, simu haishiki siku tatu. Alipopatikana alikubali kwamba ndiyo, alisema. Lakini siku tatu hizo nililala kwa shemeji yangu na vyombo viko ndani.

Kwa hivyo mimi naongeza hili: ujumbe si wa mwenye nyumba peke yake. Kama kuna mtu anayekuja mlangoni kudai, hakikisha na yeye ana nakala, au mwenye nyumba amemwambia. Mimi nilikuwa na makubaliano na mtu mmoja, na mwenye kufuli ni mwingine.

Mpangaji wa Segerea · saa 11:20 jioni

Ndugu zangu, amejibu. Nanakili kama ulivyo:

*"Marahaba. Mama anasalimia. Vifaa sawa kata. Fundi ni juu yako mimi sikusema fundi."*

Nimekaa kimya dakika kumi nzima. Ningepiga kazi Jumatano nikamlipa fundi, halafu Aprili nikalipa 630,000, tungegombana kwa 80,000 na kila mmoja angeapa kwamba anasema kweli. Na yeye anasema kweli. Hakutaja fundi.

Mama Mwenye Vyumba Vinne · saa 11:41

Mimi niko upande wa pili, ni mwenye nyumba, vyumba vinne Mbagala. Nashukuru huyu mzee amejibu. Wenzangu wengi tukipata ujumbe mrefu tunaupita, tunasema nitampigia. Mimi hilo limenigharimu. Mpangaji aliniandikia kwamba tumekubaliana kodi isipande kwa miaka miwili. Kwenye simu nilisema "mwaka huu sipandishi". Niliusoma, nikaona kakosea, nikasema nitamwambia tukionana. Tukaonana kwenye msiba, si mahali pa kuongelea kodi. Mwaka uliofuata nilipopandisha akatoa simu, na tiki mbili za buluu zipo pale. Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza swali moja tu, "Uliusoma, mbona hukumwambia amekosea?" Sikuwa na jibu. Nikavumilia mwaka wa pili.

Kwa hiyo wenye nyumba wenzangu, kosa likiwa la neno moja, jibu kwa neno moja siku ile ile.

Na wewe mpangaji usimbishie mzee kwa maandishi. Mpigie. Maandishi yakianza kubishana yanakuwa magumu.

Bi Mwanahawa wa Tanga · saa 12:05

Hapo mwenye nyumba kasema vyema. Piga simu, ongeeni, mkimaliza andika tena mistari miwili.

Kijana wa Mabibo · saa 1:30 usiku

Swali kwa Karani. Si rahisi zaidi kurekodi simu? Mimi simu yangu inarekodi yenyewe, nina mazungumzo ya mwaka mzima.

Karani wa Zamani · saa 1:52

Kurekodi mtu bila kumwambia kuna maswali yake ya faragha na sitakushauri ulianzie hapo. Lakini tuliache hilo pembeni, tuangalie kazi yenyewe. Rekodi ya dakika kumi na moja ya huyu ndugu ingetoa nini? Ingetoa "tutakatana kwenye kodi", wazi kabisa, kwa sauti ya mzee. Na fundi asingesikika humo. Rekodi inatunza utata. Ujumbe ndio ulioutoa nje.

Kuhusu kutunza, kwa sababu nimeona watu wakiumia hapo. Hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe hautakataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Uzito wake ndio unaopimwa: ulitunzwaje, haujachezewa, na mtumaji anatambulikaje. Sasa mtu anakuja barazani na karatasi aliyochapisha steshenari, juu imeandikwa "Baba Mwenye Nyumba" na chini maneno. Namba haipo, tarehe imeandikwa "Jana", na ujumbe wa kabla umekatwa. Mwenye nyumba anasema si mimi. Unathibitishaje?

Kwa hiyo ukipiga picha ya skrini, fungua jina lile mpaka namba ionekane, nayo ipige. Piga mfululizo wote, hata sehemu isiyokupendeza, maana ukiificha mwenzako ataileta. Angalia kama mazungumzo yenu hayajawekwa ya kujifuta baada ya siku kadhaa. Na simu yenyewe usiiuze. Namba iwe ile ile unayomtumia kodi kwa mtandao wa simu, kwa sababu muamala unatoa jina lililosajiliwa, na hapo mtu hawezi kusema hiyo namba haijui.

Dada Ukonga · saa 2:20 usiku

Je, kama mwenye nyumba ana kitochi na hasomi? Bibi yangu mwenye nyumba ana miaka zaidi ya themanini, macho hayaoni. Mjukuu wake ndiye anamsomea meseji na ndiye anayejibu. Nikiandika na mjukuu akajibu "sawa", hiyo sawa ni ya nani?

Karani wa Zamani · saa 2:41

Ni swali gumu na nimeliona likiamuliwa huku na huku. Kama mjukuu ndiye siku zote anapokea kodi na kuita mafundi, na bibi anajua, utakuwa na hoja kwamba anafanya kwa niaba yake. Kama ni meseji moja tu alijibu, bibi anaweza kusema hakusomewa. Ukiweza, nenda na jirani au mjumbe, msome mbele yake, aweke dole gumba.

Kigogo wa Buza · saa 2:50

Mkuu dole gumba la mtu asiyeona nalo si litabishaniwa? Bora mjukuu asaini kama shahidi.

Dada Ukonga · saa 2:58

Na mjukuu ndiye ninayemhofia.

Mpangaji wa Segerea · Jumapili 8 Machi, saa 10:15 alasiri

Nimempigia mzee baada ya kutoka kanisani. Sikumbishia. Nilimwambia, "Baba ni kweli hatukumtaja fundi, ni mimi nilijumlisha." Akacheka, akaniambia zamani alikuwa anapanda mwenyewe juu ya paa. Tukazungumza, akasema ufundi tugawane nusu. Kabla sijakata simu nikamwambia, "Baba nitakuandikia hesabu." Akasema, "Andika andika, na mimi nasahau siku hizi."

Nimemtumia hivi:

*"Asante baba. Kama tulivyoongea leo Jumapili saa saba mchana: vifaa 190,000 vyote ni juu yako, ufundi 80,000 tunagawana, kwa hiyo 40,000 yako na 40,000 yangu. Jumla ya kukata 230,000. Tarehe 1 Aprili nitalipa 670,000 badala ya 900,000, na itahesabika kodi kamili ya Aprili hadi Septemba. Hii inachukua nafasi ya ile hesabu ya jana ya 270,000."*

Amejibu baada ya robo saa: *"Sawa kijana. 670. Nunua bati nzito."*

Karani wa Zamani · saa 10:32

Mstari huo wa "inachukua nafasi ya ile ya jana" ni muhimu, umefanya vizuri. Bila huo ungebaki na hesabu mbili kwenye simu moja. Na "kodi kamili ya Aprili hadi Septemba" imezuia mtu kuja kukwambia una deni la 230,000. Sasa siku ya kulipa, mtumie ujumbe mmoja na picha ya risiti: nimelipa 670,000 kama tulivyokubaliana tarehe 8 Machi. Akitoa risiti ya mkono iandikwe hivyo hivyo, siyo "malipo ya sehemu".

Msafiri wa Kilifi · saa 10:40

Na kuna mtu anayekuja mlangoni kwako?

Mpangaji wa Segerea · saa 10:49

Yupo mpwa wake, anakaa Tabata, ndiye anayekuja kuangalia nyumba. Sikumfikiria. Nimemwomba mzee ruhusa nimtumie nakala, kasema mtumie.

Mama Mwenye Vyumba Vinne · saa 11:05 jioni

Na dari? Maji yakishapita dari inabaki na madoa, na jipsamu ikilowa inalegea. Hilo mmelizungumza?

Mpangaji wa Segerea · saa 11:12

Hapana. Kuna duara la njano juu ya kitanda, ukiligusa linabonyea. Fundi akimaliza Jumatano nitalipiga picha, nimpigie mzee Alhamisi.